Maswali na majibu: Mkataba wa shamba umeisha, mbaazi bado zimesimama

Nilikodi ekari mbili huku Babati kwa msimu mmoja, nikachanganya mahindi na mbaazi. Mahindi nimevuna Julai. Mwenye shamba anasema msimu umeisha, anataka kuingiza ng'ombe, na mbaazi zangu ndiyo kwanza zinatoa maua. Niondoke?

Usiondoke kabla hamjakaa chini. Mbaazi za muda mrefu hupandwa pamoja na mahindi kwenye mvua za mwanzo, lakini hukomaa baadaye sana, kuanzia Agosti hadi Oktoba. Anayekodisha kwa mchanganyiko huo amekodisha mpaka mbaazi zivunwe, hata kama mdomoni mlitaja "msimu" tu.

Ugumu unakuja kama alikuruhusu mahindi peke yake. Hapo jiulize alichokiona. Mbaazi hazijifichi: wakati wa palizi ya pili zilikuwa zimeshasimama katikati ya mistari, naye akapita akasalimia na kuendelea na safari. Kunyamaza kwake kuna uzito mbele ya wazee, ila hakumalizi mambo. Angalia pia kodi uliyotoa. Kama ni sawa na ile wanayolipa majirani wanaochanganya, una hoja nzuri. Kama ni pungufu, jiandae kuongeza kidogo kwa miezi iliyobaki.

Ningekuwa wewe ningempelekea pendekezo lenye tarehe: mbaazi zikae hadi 30 Septemba, mabua ya mahindi nimkatie na kumtolea nje ya shamba wiki hii, ng'ombe wake wale huko. Wenye mashamba wengi hawana shida na mbaazi zenyewe. Shida yao ni malisho ya kiangazi, na hilo unaweza kulitatua bila kupoteza zao.

Mimi ndiye mwenye shamba. Nimekubali kumlipa kijana aliyekodi aniachie mbaazi zake za ekari mbili, maganda yameshajaa. Yeye anataka laki sita, mimi naona ananiibia. Bei inapatikanaje?

Mzee, hakuibii, ila amesahau kutoa gharama. Ingieni shambani wote wawili, na mtu wa tatu mnayemwamini, ikiwezekana afisa ugani. Pimeni mraba wa mita 5 kwa 5 sehemu tatu tofauti, si ukingoni mwa njia wala juu ya kichuguu, mhesabu miche iliyobeba. Ekari moja ina miraba kama hiyo takriban 160. Tuseme wastani ni miche 25 kwa mraba: hiyo ni miche 4,000 kwa ekari. Chumeni maganda ya miche michache ya kawaida, si ile minene anayoichagua yeye wala ile dhaifu unayoichagua wewe, mkadirie kila mche utatoa nini ukikauka. Ukitoa gramu 75, ekari ni kilo 300, na ekari mbili ni kilo 600.

Sasa bei. Tumieni ya shambani kwenu kwa siku hiyo, msitumie ya mjini wala ile ya mwaka juzi iliyowafurahisha watu. Nikichukua shilingi 1,000 kwa kilo kama mfano tu, inakuja 600,000, na bila shaka ndiko kijana alikoishia. Lakini kuna dawa ya wadudu ya mwisho, vibarua wa kukata, kupiga na kupepeta, magunia na usafiri. Mkikadiria 200,000, inabaki 400,000. Hiyo nayo ni ya mbaazi ambazo hazijafika stoo: viwavi bado wanaweza kutoboa maganda, na wezi nao wapo. Hatari hiyo unaibeba wewe kuanzia siku unayolipa, kwa hiyo ni haki upunguziwe. Robo si nyingi. Mkikubaliana hapo, unalipa 300,000.

Hesabu hii inafaa kwa zao lililokaribia kuvunwa. Kama lingekuwa changa, la kupima lisingekuwepo. Hapo ungemrudishia alichotumia, yaani kulima, mbegu, palizi na dawa, pamoja na sehemu ya kodi ya muda ambao hatautumia. Msichanganye njia mbili, maana mtu akilipwa gharama na mavuno pia, amelipwa mara mbili.

Mabua yaliyobaki ni ya nani?

Ni ya mliyekubaliana, na kama hamkukubaliana, fuateni desturi ya kijiji chenu. Sehemu nyingi aliyelima huchukua punje, na shamba likishakuwa tupu mwenye nalo huingiza mifugo. Kwa wafugaji mabua ni mali, kwa hiyo yatajeni kwenye karatasi. Ukiyataka wewe uliyekodi, yatoe mapema. Usiyaache hadi Septemba halafu ulalamike yameliwa.

Mkataba wetu ulikuwa wa mdomo. Nataka kuachana vizuri na niliyemkodishia shamba mwisho wa msimu huu. Nifanyeje?

Dada, mwambie mapema, kabla hajaanza kuandaa shamba kwa mvua zijazo. Kumwambia baada ya trekta kupita ni kutafuta deni. Andika barua fupi: shamba liko wapi, ukubwa, zao gani limebaki, litavunwa lini, na siku ya kukabidhiana. Toeni nakala tatu, moja kwako, moja kwake, moja kwa mtendaji wa kijiji, na mwenyekiti wa kitongoji ashuhudie. Siku ya kukabidhiana mzunguke mipaka pamoja, kisha kila mmoja asaini kwamba hamdaiani. Sentensi hiyo ya mwisho watu huiruka, na ndiyo wanayokuja kuitafuta mwaka unaofuata.

Tulikuwa bado tunabishana na mwenye shamba, nikaamka nikakuta ng'ombe wake wameshalisha nusu ya mbaazi. Nianzie wapi?

Anzia shambani, siku hiyo hiyo. Piga picha sehemu iliyoliwa na iliyobaki, nyayo na kinyesi kabla mtu hajafagia. Mwite mwenyekiti wa kitongoji na afisa ugani wahesabu miche iliyoharibika, na uombe tathmini hiyo kwa maandishi. Nusu iliyobaki ndiyo kipimo chako kizuri: ukiihesabu kwa mraba kama nilivyomweleza mzee hapo juu, unajua iliyoliwa ingetoa nini. Usisubiri wiki, kwa sababu mbaazi huchipua upya na uharibifu huonekana mdogo.

Kisha nenda baraza la ardhi la kijiji. Kisheria lina wajumbe 7, angalau 3 wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Haliwezi kumlazimisha mtu kulipa. Likishindwa mnapanda baraza la kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 nalo husuluhisha tu, halitoi hukumu. Wasipofanikiwa, omba cheti kinachoonyesha usuluhishi umeshindikana, ndipo uende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa ekari moja ya mbaazi, nauli na siku za kazi zinaweza kumaliza fidia yenyewe. Kwa hiyo kama kijijini amekubali kukulipa hata kwa awamu mbili, andikeni tarehe za awamu hizo, mashahidi wasaini, upokee ya kwanza palepale.