Ada ya pampu ya mkono: tuanze kwa kuhesabu nini?

Swali: Kamati yetu inasimamia pampu moja ya mkono inayotumiwa na kaya 60. Mpaka sasa tunachangishana pale pampu inapoharibika, na kila mara watu hukaa wiki kadhaa bila maji. Tupange ada ya kiasi gani, na matengenezo yafanyike lini?

Jibu: Anzeni na vipuri, kisha ndipo mje kwenye ada. Nenda na fundi mkaulize bei ya vipuri vinavyochakaa kila mwaka: sili ya pistoni, raba za valvu na beringi za mpini. Kwa pampu aina ya Afridev, vipuri hivi hubadilishwa mara moja kwa mwaka hata kama pampu bado inatoa maji, kwa sababu sili iliyokwisha huwalazimisha watu kupampu zaidi kwa ndoo ileile, na mzigo huo huishia kwenye beringi na fito. Bei ya vipuri hivyo vyote kwa pamoja tuiite seti moja, ili hesabu ifuatayo ifae hata bei zikibadilika.

Tuseme kwa mwaka mnahitaji seti 1 ya vipuri, malipo ya fundi yanayolingana na seti 1, na grisi, daftari, stakabadhi na ukarabati wa sakafu ya zege vinavyofikia 0.8 ya seti. Tuseme pia kwamba mabomba, fito na silinda vitahitaji kubadilishwa baada ya miaka 8 kwa gharama ya seti 16, yaani muweke akiba ya seti 2 kila mwaka. Jumla ni seti 4.8 kwa mwaka. Kamati nyingi hugawanya jumla hiyo kwa kaya zote 60, na hapo ndipo mambo huharibika. Zipo kaya ambazo mkutano utazisamehe, na zipo zitakazochelewa. Mkisamehe 10, na 10 nyingine zikawa hazilipi kwa wakati, zinabaki 40. Gawanyeni seti 4.8 kwa malipo 480 ya mwaka, yaani kaya 40 kwa miezi 12, na ada inakuwa sehemu moja ya mia ya bei ya seti kwa kila mwezi.

Mngegawanya kwa kaya 60, huku zinazolipa ni 40 tu, mngekusanya seti 3.2. Fundi angelipwa, sili zingenunuliwa, na pengo la seti 1.6 lingemeza karibu akiba yote bila mtu kuliona, kwa kuwa pampu ingeendelea kutoa maji. Mngeligundua siku bomba litakapotoboka. Kwa hiyo mweka hazina awe na kurasa mbili tofauti, moja ya matumizi ya mwaka na nyingine ya akiba. Akiba ikae mahali ambapo haitoki bila saini za watu watatu, na salio la kila ukurasa lisomwe kwenye mkutano. Kaya zinazopata fedha kwa msimu ziruhusiwe kulipa ya mwaka mzima baada ya mavuno, na kila malipo yatolewe stakabadhi, hata yakiwa madogo.

Kuhusu wakati wa matengenezo, pampu yenyewe itawaambia. Mara tu baada ya vipuri vipya kufungwa, mlinzi wa pampu ahesabu mipigo kamili ya mpini inayojaza ndoo moja ya lita 20, aiandike, kisha arudie kila mwezi kwa ndoo ileile. Mipigo ikiongezeka ilhali maji yanatoka mara tu mpini unaposhushwa, sili ya pistoni imechakaa. Ikiwa asubuhi inabidi kupampu mara nyingi kabla maji hayajatoka, kisha yakaja vizuri, basi valvu ya chini au kiungo cha bomba kinavuja. Mpini ukiyumba kando, angalieni beringi mapema, maana hiyo ndiyo kazi rahisi kuliko zote na ndiyo hupuuzwa zaidi.

Dalili moja isiwadanganye. Ndoo za kwanza zikijaa vizuri, maji yakapungua, kisha yakarudi baada ya pampu kupumzishwa, kisima chenyewe kinazidiwa na uchotaji, na sili mpya hazitasaidia. Pangeni saa za kuchota. Na ikiwa maji ya kwanza ya asubuhi yana rangi ya kutu, huku mabomba yenu ni ya chuma, miaka 8 niliyotumia katika hesabu ni mingi mno. Mwambieni fundi ayakague atakapofungua pampu, na kama kutu imeyala kiasi cha kubaki miaka 4 tu, akiba ya mwaka iwe seti 4 na ada ihesabiwe upya.