Mechi ya saa tano usiku, chumba kimoja, na TV isiyoziona hedifoni

Swali: Fundi, shikamoo. Ninaishi chumba kimoja na mke wangu na mtoto wa miezi minne. Mechi za Ulaya zinaanza saa tano usiku, wao wameshalala. Nimenunua hedifoni za Bluetooth lakini TV yangu ya inchi 32, ya kawaida siyo smati, haizioni. Nikaambiwa ninunue kidude cha Bluetooth cha USB. Nimekichomeka nyuma ya TV, kinawaka taa tu, sauti hakuna. King'amuzi nimekiunganisha kwa HDMI. Nakosea wapi? (Msomaji, Mbagala)

Jibu: Marahaba. Tundu la USB la TV yako halitoi sauti. Limewekwa ili TV isome flashi yenye picha na muziki, na zaidi ya hapo linatoa umeme wa volti 5. Kidude chako kimepata umeme, ndiyo maana taa inawaka, lakini sauti ya mechi haipiti hapo kamwe. Hata ukinunua vidude kumi vya aina hiyo na kuvichomeka hapo, matokeo ni yaleyale.

Kuna na jambo la pili, nalo huwapotezea watu fedha kila wiki. Vidude vingi vyenye umbo la flashi ni vya kupokea. Vimetengenezwa kwa ajili ya redio za gari na sabufa za zamani: simu inarusha muziki, kidude kinaudaka na kuupeleka kwenye spika kwa waya. Wewe unataka kinyume chake, kifaa kinachochukua sauti kwenye TV na kuirusha kwenye hedifoni. Hicho kinaitwa transmita. Kujua ulicho nacho ni rahisi. Kichomeke kwenye chaja ya simu, washa Bluetooth ya simu yako, tafuta vifaa vilivyo karibu. Jina geni likitokea kwenye orodha, basi kidude chako kiko pale kinasubiri kupokea, na hedifoni nazo zinasubiri kupokea. Wawili wote wanangoja kupigiwa, hakuna anayepiga. Kabla hujakitupa, kiangalie ubavuni: vingine vina swichi ndogo yenye herufi RX na TX. Ikiwepo, isogeze kwenye TX na umeshapata transmita. Isipokuwepo, kirudishe dukani na uombe transmita yenye tundu la waya wa aux. Neno transmita peke yake halitoshi, mwambie muuzaji akuonyeshe TX iliyoandikwa kwenye kifaa au kwenye boksi.

Sasa sauti tuitoe wapi? Pitisha mkono ubavuni na nyuma ya TV, utafute tundu dogo la duara lenye mchoro wa hedifoni au neno HEADPHONE. TV nyingi za inchi 32 zinalo. Kama lipo, kazi imekwisha nusu: waya wa aux kutoka tundu hilo hadi kwenye transmita, na transmita yenyewe ichukue umeme kwenye lile tundu la USB ulilokuwa unalitumia. Hapo ndipo USB inapokuwa na faida. Kwenye TV nyingi, ukichomeka waya hapo spika za TV zinanyamaza zenyewe, ambalo ndilo unalolitaka. Kiwango cha sauti cha TV kipandishe hadi kama robo tatu, kisha ongeza na punguza kwenye hedifoni. Ukikiacha chini sana utasikia mvumo kama wa upepo nyuma ya mtangazaji, na ukikijaza kabisa sauti itaanza kupasuka mashabiki wanaposhangilia.

Kama tundu hilo halipo, usikimbilie yale matundu mekundu na meupe ya TV. Soma maandishi yake kwanza. Kwenye TV nyingi yameandikwa AV IN, yaani yanaingiza sauti, hayaitoi. Matundu ya namna hiyo yanayotoa sauti yako kwenye king'amuzi chako! Ving'amuzi vingi vinaendelea kutoa sauti kwenye matundu hayo hata kama picha inapita kwenye HDMI. Nunua waya wenye pini nyekundu na nyeupe upande mmoja na pini ndogo ya aux upande wa pili, uupeleke kwenye transmita, halafu zima sauti ya TV kwa rimoti. TV itanyamaza, king'amuzi kitaendelea kuzungumza na hedifoni. Mimi binafsi naupenda mpango huu kuliko ule wa kwanza kwa mtu anayetazama king'amuzi tu, kwa sababu TV huigusi kabisa: asubuhi mkeo akiiwasha, anarudisha sauti kwa kitufe kimoja na hana waya wa kuchomoa.

Tahadhari moja. King'amuzi kidogo kisicho na matundu matatu ya rangi huwa na tundu moja dogo lililoandikwa AV. Usichomeke humo waya wa kawaida wa aux. Tundu hilo linabeba picha pamoja na sauti, kwa hiyo waya wa kawaida huweza kukuletea mngurumo mzito upande mmoja wa masikio. Tumia ule waya wenye vichwa vitatu uliokuja na king'amuzi, na kichwa chekundu na cheupe ndivyo uviunganishe.

Waya zikishakaa, twende kwenye kuunganisha kwenyewe. Anza na simu yako: zima Bluetooth yake. Hedifoni zina kumbukumbu, zikiwashwa tu zinakimbilia kifaa cha mwisho zilichokizoea, nacho ni simu iliyo mfukoni mwako. Zikishashikwa na simu, transmita haiwezi kuziona. Simu ya mkeo pia, kama aliwahi kuzitumia. Kisha zima hedifoni, bonyeza kitufe cha kuwashia na usikiachie, hata baada ya taa kuwaka, hadi taa ianze kupepesa haraka, mara nyingi bluu na nyekundu kwa kupokezana. Huwa ni sekunde 5 hadi 7. Watu wengi huachia kwenye sekunde ya pili, hedifoni zinawaka tu kwa kawaida, na wanabaki wanalaumu transmita. Weka hedifoni karibu na transmita, kama urefu wa mkono, halafu bonyeza kitufe cha transmita hadi nayo ipepese. Subiri hadi dakika moja. Taa zote mbili zikitulia, vimeshikana.

Transmita haina kioo cha kuchagulia jina, inadaka kifaa chochote kilicho tayari karibu yake. Kwenye nyumba za kupanga zenye kuta nyembamba hili si jambo la kufikirika. Kama taa za transmita zimetulia lakini masikioni kimya, huenda imeshikana na spika ya jirani iliyokuwa inapepesa wakati huohuo. Zima transmita, subiri, rudia vifaa vikiwa vimegusana kabisa.

Ukishasikia sauti, utaona jambo ambalo muuzaji hakukwambia: sauti inachelewa. Bluetooth haitumi sauti kama waya. Transmita inaibana kwanza, inaituma vipande vipande, na hedifoni zinaweka akiba kidogo kabla ya kuicheza ili isikatike kipande kimoja kikipotea. Kwa hedifoni za kawaida safari hiyo yote huchukua karibu sehemu moja ya tano ya sekunde, wakati mwingine zaidi. Ukitaka kuipima, weka taarifa ya habari na umtazame mtangazaji mdomoni anaposema Pemba au Mbeya. Herufi p, b na m haziwezi kutamkwa bila midomo kufungana. Ukiona midomo imefungana na kufunguka ndipo "Pemba" inafika masikioni, hicho ndicho kiasi cha uchelewaji wako.

Kwenye menyu ya TV au king'amuzi unaweza kukuta kipengele cha Audio Delay, ukadhani ndiyo dawa. Hicho kinachelewesha sauti, na yako tayari imechelewa. Kirudishe kwenye 0. Dawa halisi ni transmita na hedifoni zote mbili ziwe na aptX Low Latency, ambayo hushusha uchelewaji hadi kama milisekunde 40, na hapo jicho halioni tena tofauti. Nasema zote mbili kwa sababu upande mmoja ukiwa nayo na mwingine hauna, vinarudi kwenye lugha ya kawaida ya Bluetooth na uchelewaji unabaki ulivyokuwa. Hedifoni ambazo boksi lake haliitaji, zichukulie kuwa hazina.

Lakini kwako wewe sioni sababu ya kuingia gharama hiyo. Kwenye mpira mtangazaji haonekani mdomo, na filimbi ikichelewa kidogo hivyo utaizoea kabla ya mapumziko. Anayeteseka ni mtazamaji wa tamthilia, ambaye anatazama nyuso saa nzima. Kama mkeo naye ana tamthilia zake na uchelewaji unamkera, mnunulie waya wa kurefusha wa mita 5 na hedifoni za waya, achomeke moja kwa moja kwenye TV. Ni bei ndogo, hauhitaji chaji, na midomo na maneno vinakwenda pamoja. Ila lile tundu la mchoro wa hedifoni liwepo.

Kwa wasomaji wengine wenye TV smati, msinunue chochote kabla ya kufungua menyu. Kwenye Samsung pitia Settings, Sound, Sound Output, utafute Bluetooth Speaker List. Kwenye LG ni Settings, Sound, halafu Sound Out. Zenye Google TV zinaweka jambo hili ndani ya Settings, Remotes & Accessories. Msipokuta jina la Bluetooth kwenye sehemu ya sauti, huenda Bluetooth iliyotajwa kwenye boksi ni ya rimoti tu, na hapo mnarudi kwenye njia ya transmita. Mkitumia tundu la OPTICAL, nendeni kwenye mipangilio ya sauti ya kidijitali mchague PCM. Ikibaki kwenye Dolby, transmita nyingi zitakaa kimya au kutoa makelele makali. Na spika za TV mzizime wenyewe, kwa kuwa tundu hilo haliziamuru zinyamaze.

Ndugu wa Mbagala, la mwisho ni la mtoto. Hedifoni zinazofunika masikio zitakuzuia kumsikia akiamka, na kama mkeo amechoka huenda naye asimsikie haraka. Vaa sikio moja, lingine liachie wazi upande wa kitanda.