Sura ya kumbukumbu ikianza kukwama, angalia tafakuri umeiweka wapi

Nyie mnaoanza kuandika kumbukumbu za maisha yenu, kosa ninaloliona sana kwenye drafti sio kwamba tafakuri ni nyingi, ni kwamba imekaa mahali pabaya. Tukio linaanza vizuri, mtu kagonga mlango, halafu mwandishi anasimamisha kila kitu aya tatu nzima anatueleza maisha yalivyokuwa magumu na alichojifunza, tukirudi mlangoni hata hamu ya kujua nani kagonga imeisha.

Chukua mfano huu. Mama anauza cherehani yake, mtoto anaangalia. Mnunuzi kaingia, anaikagua, wanabishana bei, anaanza kuhesabu hela. Wakati anahesabu, mama anachomoa mkasi kwenye droo ya cherehani anausweka mfukoni. Sasa drafti ya kwanza hapo kawaida inaandika "nilihisi huzuni kubwa, leo naelewa mama alijitoa sana kwa ajili yetu". Hiyo futa, mkasi ulishasema. Jaribu kitu kama hiki: "Nilidhani anaogopa mnunuzi atauchukua. Nilipokuwa mkubwa ndio nikajua kulikuwa na gauni la mteja ameshalikata, na hakuwa tena na cha kulishonea." Halafu rudi haraka, hela imehesabiwa, cherehani inabebwa.

Ona kilichofanyika hapo. Anayetafakari ni wewe wa leo, na kaleta habari ambayo mtoto yule asingeweza kuijua, kwa hiyo msomaji anarudi kwenye tukio ana wasiwasi zaidi, atamwambia nini mteja? Pia tafakuri imekaa kabla biashara haijaisha, yaani bado kuna kitu tunakisubiri, ndio maana tunavumilia kusimama kidogo. Ukiiweka baada ya cherehani kutoka mlangoni inakuwa maelezo tu.

Kujikagua, printi sura nzima upake rangi mbili, moja kwa matukio (mtu fulani anafanya kitu saa fulani) na nyingine kwa tafakuri. Angalia sana zile sentensi za "mama alikuwa akishona kila usiku", wengi wanazipaka rangi ya tukio na sio tukio, ni muhtasari, hakuna kinachoweza kubadilika ndani yake. Unazihitaji za kuvukia miaka, ila zikijaa ukurasa mzima sura inalala hata kama tafakuri ni chache. Chagua usiku mmoja uuandike.

Usiende mbali ukafuta tafakuri zote lakini, matukio matupu yanafanya msomaji ajiulize kwa nini unamwambia haya yote, na mimi binafsi hizo sura zinanichosha zaidi.

Mwisho wa sura ndio pagumu, karibu kila mtu anamalizia na aya ya kufafanua. Ifunike kwa mkono, soma mpaka sentensi iliyo juu yake, kama sura imeishia vizuri pale basi aya ikate, na kama ndani yake kuna habari mpya kweli ipandishe juu, pale mnunuzi bado anahesabu hela.