Kilo 58 ni nyingi kwangu?

"Niko Ngamiani, Tanga. Mwanamke, urefu sm 160, kilo 58. Chati ya mtandaoni inanipa 52 tu, na mifupa yangu ni minene. Nipungue?"

Dada, kujua kama mifupa yako ni minene kweli, pima kwanza kifundo cha mkono wa kulia. Vua bangili, zungusha futi ya fundi cherehani hapo mkono unapojikunja, upande wa kiganja wa kile kinundu cha mfupa. Iguse ngozi bila kubana.

Kisha gawa urefu kwa kipimo hicho. Kwa mwanamke, zaidi ya 11 ni umbo dogo la mifupa, 10.1 hadi 11 la wastani, chini ya 10.1 kubwa. Tuseme umepata sm 16.5: 160 ÷ 16.5 ni 9.7, umbo kubwa. Ile 52 ni ya umbo la wastani. Umbo kubwa huongezewa asilimia 10, inafika 57. Kilo moja ya ziada hata chumvi ya chakula cha jana huileta.

Ila mkono ukiwa umevimba, au ukiwa na mimba au mafuta mengi kifundoni, hesabu hudanganya. Na ukiwa na kiuno kinachozidi sm 80, muone daktari akupime presha na sukari, hata umbo likiwa kubwa.