Si kila jiwe jeusi lenye matundu ni mavi ya chuma

Meza ya kuoshea vitu vya kale tunavyochimba hapa Moshi imejaa mifuko iliyoandikwa "mavi ya chuma", yaani takataka zinazobaki chuma kikitolewa kwenye mawe au kikifuliwa, na karibu nusu ya vilivyomo ni mawe ya volkeno ya kawaida kabisa, yale yale mnayoyakanyaga mkienda kununua vocha. Vijana wangu mnaochekecha udongo, nawapenda na mnachimba vizuri kuliko sisi tulivyochimba umri wenu. Lakini kabla hamjajaza mfuko mwingine, someni haya.

1. Jueni mko mlima gani. Kilimanjaro na Meru ni milima ya volkeno, na volkeno hutoa mawe meusi yenye matundu bila msaada wa mhunzi. Halafu Wachagga hawakuwa na mawe mazuri ya kutolea chuma. Chuma chao kingi kilitoka Upare, hasa Ugweno, ambako ukoo wa Washana ulijulikana kwa kazi hiyo na ambako mchanga mweusi wa magnetaiti, madini ya chuma yanayoshika sumaku, ulikusanywa kwenye vijito. Kwa hiyo ukiwa Kibosho ukapata mavi ya chuma ya kweli, dhana yako ya kwanza iwe uhunzi: mtu aliyepokea chuma kilichokwisha kutolewa kwingine akafua jembe au mkuki. Ukiwa Ugweno, dhana inaweza kugeuka. Dhana siyo jibu, lakini inakuzuia kuandika "tanuri" kila unapoona udongo mwekundu.

2. Pimeni uzito, msibishane. Jiwe la volkeno na mavi ya chuma hufanana kwa sura, mkononi hayafanani. Mkono ukisita, chukua mizani ya kuning'iniza, ndoo ya maji na uzi. Pima kipande kikiwa kikavu, kisha kining'inize majini bila kugusa ndoo, upime tena. Tuseme kikavu ni gramu 460, majini 340. Kimepungua 120, na 460 kwa 120 ni takriban 3.8. Hiyo ni hesabu ya mavi ya chuma. Kipande cha pili ni gramu 390, majini 255. Kimepungua 135, kwa hiyo ni takriban 2.9, na hilo ni jiwe. Matundu yenye hewa hushusha hesabu, basi lizamishe kwanza kwa muda mpaka mapovu yaishe. Likibaki katikati, tafuta alama za makaa: volkeno haikuwashwa kwa kuni, lakini mavi ya chuma mara nyingi yana chapa za vipande vya mkaa vilivyobonyea ndani. Na sumaku peke yake isikudanganye, maana hata mawe ya volkeno mengi yana magnetaiti na huivuta kidogo.

3. Kutoa chuma na kufua chuma ni kazi mbili. Hapa ndipo nitawaeleza nilivyoaibika.

Kwenye tanuri la kutolea, joto hufika karibu nyuzi 1200. Chuma chenyewe huyeyuka kwenye 1538, kwa hiyo hakiyeyuki. Hubaki bonge laini lililojaa takataka. Kinachoyeyuka ni uchafu wa mawe uliochanganyika na sehemu ya chuma. Ukichuruzika nje huganda na mikunjo juu, kama uji uliofurika sufuria. Ukibaki chini ya tanuri huwa mabonge mazito yasiyo na umbo maalumu. Bonge la chuma ndilo huenda kwa mhunzi kusafishwa kwa nyundo, na kwenye jiko lake hujikusanya kipande kingine cha takataka, mara nyingi bapa juu na mviringo chini, cha kuenea kiganjani.

Nilikuwa kijana, chini ya Upare, na trenchi yangu ilitoa vipande hivyo vya kuenea kiganjani, vingi, pamoja na udongo ulioungua. Nilivyoviona tu nikasema: vitako vya tanuri, takataka zilizogandia chini yake. Nikachora tanuri. Nikaliandika kwenye daftari kwa wino, si kwa penseli, maana nilikuwa na uhakika. Chekeche yetu ilikuwa ya milimita 5, na kila kilichopita kilikwenda kwenye kifusi. Mzee mmoja wa jirani alikuja kutazama, akaniuliza fuawe ya kupigia chuma iko wapi. Nikamjibu kwa upole wa mtu anayejua kuliko mzee, nikamwambia hapa palitolewa chuma, hapakufuliwa. Akanyamaza, akaenda zake shambani.

Mwishoni mwa msimu mwalimu wangu alikuja, akaangalia michoro yangu bila kusema neno, akafunga sumaku ndani ya mfuko wa plastiki na kuipitisha juu ya kifusi. Alipougeuza mfuko, vikabaki vipande vyembamba vya rangi ya bluu-kijivu, na katikati yake vidonge vidogo vya mviringo. Magamba ya nyundo. Kila pigo la mhunzi kwenye chuma cha moto hurusha magamba hayo, na hayaendi mbali na fuawe. Yangepimwa kwa miraba, mfuko kwa mfuko, wingi wake ungetuonyesha fuawe ilisimama wapi na mhunzi alisimama upande gani. Sasa yalikuwa yote kwenye kifusi kimoja, yamechanganyika na ya tabaka la juu. Tulijua palikuwa na uhunzi, lakini nafasi ya fuawe tuliipoteza, na hakuna anayeweza kuirudisha, kwa sababu udongo ule ulishachimbwa. Michoro yangu ya "tanuri" iko bado, na wino haufutiki. Nilikwenda kumwomba mzee radhi. Alicheka sana, akanipa mahindi ya kuchoma.

Basi: chukueni lita moja ya udongo ambao haujachekechwa kutoka kila mraba wa nusu mita wa sakafu, iandikeni namba, kisha sumaku. Na hapo Upare msisahau kuangalia kwa lenzi ya kukuza mara 10, kwa sababu mchanga mweusi wa vijitoni nao hushika sumaku. Chembe za mchanga ni nene na zimeviringika au zina pembe. Gamba la nyundo ni jembamba na bapa, nalo huvunjika kwa ukucha.

4. Mabomba ya udongo yasiende kwenye mfuko wa vyungu. Bomba la mvukuto, lile la kupitishia hewa motoni, likiwa na ncha iliyoyeyuka kuwa kioo na gamba la takataka juu yake, ncha hiyo ilikuwa ndani ya moto. Mpaka kati ya udongo ulioyeyuka na udongo uliooka tu hueleza bomba liliingia kiasi gani, na mpaka ukiwa mshazari, bomba liliinama. Pimeni tundu la ndani, chungu hakina. Lakini msiseme tanuri kwa sababu ya bomba: mhunzi naye hutumia bomba. Angalieni wingi wa takataka. Kutoa chuma huacha takataka nyingi kuliko uhunzi, ndiyo maana wakulima huzikusanya kwenye mipaka ya mashamba na kuzijengea misingi ya nyumba. Ulizeni kuhusu misingi hiyo kabla ya kuchora ramani.

5. Kila mfuko upimwe uzito kabla hamjachagua vipande vizuri vya kupeleka maabara. Mkibeba vinavyong'aa tu na kuacha vingine, hesabu ya takataka haitafanyika tena.

6. Kitako cha tanuri cha kweli, kikipatikana, kichorwe na kupigwa picha kikiwa mahali pake, kaskazini ikionekana. Msikinyanyue siku ile ile. Chini yake kuna udongo ulioungua, na rangi zake zinaonyesha moto ulipokuwa mkali zaidi. Na leseni ya kuchimba iwe kwenye faili, si kwenye simu ya mtu aliyekwenda Arusha kufuata betri.