Sentensi tatu za kumshika msomaji anayeperuzi

"Makala zangu za kilimo zinafunguliwa lakini watu hawafiki hata aya ya pili. Aya ya kwanza niiandikeje?"

Futa sentensi ya kwanza, kisha usome kuanzia ya pili. Kama hakuna kilichopungua, ile ya kwanza ilikuwa kukohoa tu kabla ya kusema. Aya nyingi za kilimo huanza hivi:

"Mahindi ni zao muhimu la chakula nchini. Wakulima wengi hulitegemea kwa chakula na biashara. Hata hivyo, kuna changamoto mbalimbali katika uhifadhi wake."

Mwenye mahindi ndani anayajua yote hayo. Tena jicho la anayeperuzi hudaka maneno ya mwanzo ya sentensi, na hapa limedaka "Mahindi ni", "Wakulima wengi" na "Hata hivyo". Hakuna hata moja la kumzuia. Sasa soma hii:

"Unga mwingi chini ya gunia la mahindi ni dalili ya dumuzi. Mfuko wa tabaka tatu huwaua bila dawa kwa kuwanyima hewa, ila mahindi mabichi yataota ukungu humo humo. Chumvi kavu na chupa ya kioo vinatosha kupima unyevu kabla hujafunga."

Ya kwanza inaanza na kitu ambacho msomaji amekiona kwa macho yake, si jina la mada. Ya pili inampa suluhisho na papo hapo inamwonyesha linapoharibikia. Hiyo "ila" ndiyo inayomvuta, maana sasa ana la kuhofia. Ya tatu inataja vifaa na kazi yake, lakini haisemi namna ya kupima. Ukiieleza namna hiyo humo humo, ameshapata alichotaka, anaondoka.

Kosa la kawaida hutokea kwenye sentensi ya pili. Ya kwanza inauma vizuri, halafu mwandishi anarudi darasani: "Dumuzi ni mdudu ambaye..." Maelezo hayo yapeleke aya ya nne. Na "Je, umewahi kujiuliza...?" iache kabisa, akijijibu "hapana", umempoteza.

Ahadi ya chumvi nayo ilipwe mapema, aya ya pili au ya tatu: changanya mahindi kidogo na chumvi kwenye chupa kavu, tikisa, acha yatulie. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, rudisha mahindi juani. Ukiisogeza hadi mwisho, msomaji ataruka aya za katikati kuitafuta, au atafunga.

Kabla ya kuchapisha, mpe mtu simu asome sentensi hizo tatu mara moja, kisha ichukue. Muulize makala itampa nini. Akijibu "inahusu mahindi", andika upya. Akiuliza "hiyo chumvi unaifanyaje?", chapisha.