Kilo nne za wiki ya kwanza zilikwenda wapi

*"Wakuu, nilikuwa na kilo 92. Nimekata ugali, wali, chapati na soda, ndani ya siku saba nikasoma 88. Wiki ya pili nimeshuka gramu 400 tu na chakula ni kilekile. Mwili umegoma au?"*

Mkuu, haujagoma. Kuna uwezekano mkubwa wiki hii ya pili umeunguza mafuta mengi kuliko ile ya kwanza. Nimeshakata wanga mara kadhaa, na kila mara mzani huanza kwa kunifurahisha hivyo hivyo, kwa hiyo nilikaa nikapiga hesabu zake.

Wanga unaokula na usiotumika papo hapo, mwili huuhifadhi kama glaikojeni. Mtu mzima huwa na takriban gramu 100 kwenye ini na 400 hivi kwenye misuli, na mwenye misuli mingi huwa na zaidi. Glaikojeni haihifadhiwi kavu. Kila gramu moja hushikana na gramu tatu hivi za maji. Ukikata wanga, ini hutoa akiba yake kulisha damu na ubongo, na misuli hutumia ya kwake kila unapotembea au kubeba kitu. Glaikojeni ikitumika, maji yake yanabaki hayana kazi, nayo hutoka kwa mkojo.

Sasa tuchukue kilo zako nne. Tuseme ulikuwa unakula kalori 2,700 kwa siku, sasa unakula 1,900. Pengo ni 800, kwa siku saba ni 5,600. Tuseme pia glaikojeni iliyotumika ni gramu 400. Gramu moja ina kalori nne, kwa hiyo hapo zimelipwa kalori 1,600, na pamoja na maji yake uzito ulioondoka ni kilo 1.6. Kalori 4,000 zilizobaki ndizo zilizotoka kwenye mafuta. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kama kalori 7,700, kwa hiyo umepoteza nusu kilo ya mafuta. Jumla tuna kilo 2.1.

Zile 1.9 nyingine ni chumvi na tumbo. Ukipunguza wanga, insulini hushuka, na insulini ndiyo inayoziambia figo zizuie sodiamu. Ikishuka, figo zinaachia chumvi, na chumvi huondoka na maji. Ndiyo maana siku za mwanzo unaamka usiku kukojoa, halafu siku ya tatu hivi kichwa kinauma na ukisimama ghafla unaona kizunguzungu. Mimi hunywa supu yenye chumvi kidogo, hali inatulia. Halafu utumbo wenyewe: sahani ya ugali ni nzito, na usipoila, kinachosubiri kutoka tumboni kinapungua. Hicho hakijawahi kuwa mwili wako.

Wiki ya pili pengo ni lilelile la kalori 5,600, ila akiba ya wanga imeshapungua, kwa hiyo karibu deni lote limeangukia mafuta, yaani gramu 700 hivi. Mzani ukasoma 400 kwa sababu maji yamerudi kidogo; usiku mmoja wa nyama choma yenye chumvi unatosha kuficha hizo 300.

Hesabu zangu zimeegemea makadirio ya chakula chako, na protini kidogo ya misuli nayo huungua, kwa hiyo usizichukue kama kipimo cha maabara.

Jiandae na upande wa pili pia. Ukienda harusini ukapiga pilau na soda, Jumatatu mzani unaweza kupanda kilo mbili. Ili ziwe mafuta ungepaswa kula kalori 15,000 na ushee juu ya mahitaji yako, na hakuna pilau ya kufika huko kwa jioni moja. Ni glaikojeni imejaa tena na maji yake. Wengi hapa huandika "diet haifanyi kazi, zote zimerudi". Kilichorudi ni kile ambacho hakikuwa mafuta tangu mwanzo.

Unavyoweza kujua: pima kila asubuhi baada ya choo, kabla ya kunywa chochote, kisha chukua wastani wa wiki nzima. Anza kulinganisha wastani wa wiki ya pili na wa tatu. Ile ya kwanza iache kabisa. Pima na kiuno kwa futi ya fundi cherehani, usawa wa kitovu. Dada zetu walinganishe siku zinazofanana za mzunguko, kwa sababu karibu na hedhi maji hujaa yenyewe.

Kama unatumia insulini, vidonge vya kisukari au dawa za presha, hasa zile za kukojoza, muone daktari kabla ya kuendelea. Wanga ukishuka dozi ya zamani inaweza kuzidi, sukari au presha ikaporomoka.

Wiki ya tatu ikiisha, weka hapa wastani wako na kipimo cha kiuno, tuone pengo lako halisi ni kalori ngapi.